Taarifa ya Robo Mwaka kwa Slaidi Tano
Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi vya Mpemba na vijiji jirani



Kila baada ya miezi mitatu katibu wa chama cha msingi huitwa kueleza matokeo ya chama chake mbele ya watu wenye shughuli nyingi. Mezani huwapo meneja wa chama kikuu, pengine na meneja wa tawi la benki lililokikopesha chama. Watu hawa hawakuja kusomewa daftari. Wanataka mambo makuu tu: chama kimepata nini, kinadai nini, kimepungukiwa na nini, na wao wanatakiwa waamue nini. Katibu hupewa dakika kumi, na aghalabu katika dakika ya tatu simu ya meneja hulia.

Mazungumzo haya yanaeleza jinsi ya kuyapanga maneno ya slaidi na maneno ya kusemwa kwa dakika hizo kumi. Mfano unaotumika ni wa chama cha mahindi kilichotungwa kwa ajili ya somo, wala si cha mtu yeyote. Mambo yake lakini ni yale yale yaonekanayo Mpemba, penye njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile iendayo Isongole, ambako mnunuzi hupakia gari asubuhi na jioni akawa ng'ambo ya mpaka.

HESABU ZA CHAMA CHA MFANO

Robo inayotolewa taarifa ni ya Julai hadi Septemba. Chama kilipokea mahindi kilo 300,000 kutoka kwa wanachama, kikauza kilo 240,000 kwa shilingi 700 kila kilo, yaani shilingi milioni 168. Katika kila kilo chama hukata ushuru wa shilingi 25, na shilingi 675 ni za mkulima. Hadi tarehe 30 Septemba wanunuzi walikuwa wamelipia kilo 180,000, yaani shilingi milioni 126. Mnunuzi mmoja alichukua kilo 60,000 mwezi Septemba na hajalipa shilingi milioni 42. Gharama zote za robo, yaani mishahara, walinzi, magunia na upakiaji, zilikuwa shilingi milioni 4.5, nazo zimelipwa. Magunia yaliyobaki yalipopimwa upya ghalani, yalikuwa na kilo 50,200.

Hizo ndizo habari zote. Kazi ya katibu ni kuzipanga ili asikilizaye kwa dakika mbili tu apate lililo kubwa, na asikilizaye hadi mwisho apate sababu zake.

SLAIDI YA KWANZA: JIBU

Desturi ya makatibu wengi ni kuanza na historia ya chama, idadi ya wanachama na majina ya wajumbe wa Bodi. Habari hizo meneja anazo. Slaidi ya kwanza na ibebe jibu, na jibu liwe sentensi kamili, si kichwa cha habari. "Mauzo Julai–Septemba" ni kichwa kisichomwambia mtu lolote. Slaidi iandikwe hivi:

Mauzo yamezidi ya mwaka jana, lakini milioni 42 hazijalipwa
– Yaliyouzwa: tani 240
– Fedha zisizolipwa: shilingi milioni 42 kati ya 168
– Yanaombwa maamuzi mawili

Maneno ya kusema: "Ndugu Meneja, robo hii tumeuza tani mia mbili na arobaini, na ni zaidi ya mwaka jana. Hata hivyo katika kila shilingi nne za mauzo, shilingi moja bado iko kwa mnunuzi mmoja. Kwa sababu hiyo wakulima waliomuuzia hawajalipwa. Mwisho wa taarifa hii tutaomba maamuzi mawili, moja juu ya deni hilo na moja juu ya upimaji wa mahindi ghalani."

Katibu asisome yaliyo ukutani. Meneja anajua kusoma, naye huwa amekwisha kumaliza kabla katibu hajafika mstari wa pili. Ukuta ubebe tarakimu, mdomo ubebe maana yake. Zaidi ya hayo, habari mbaya isifichwe slaidi ya nne. Meneja atakayeligundua deni mwishoni ataanza kuzitilia shaka slaidi tatu alizokwisha kuzikubali.

SLAIDI YA PILI: MAUZO

Tarakimu ikisimama peke yake haina maana. Tani 240 ni nyingi au ni chache? Msikilizaji hawezi kujua mpaka awekewe kipimo. Vipimo viwili vinatosha: robo kama hiyo ya mwaka uliopita, na lengo lililowekwa.

Tumeuza zaidi ya mwaka jana, lakini lengo halikufikiwa
– Mwaka huu: tani 240, kwa shilingi 700
– Robo kama hii mwaka jana: tani 200, kwa shilingi 600
– Lengo: tani 270

Maneno ya kusema: "Tumezidi mwaka jana kwa tani arobaini, na bei imepanda kwa shilingi mia katika kilo. Tumepungukiwa na lengo kwa tani thelathini. Tani hizo hazikupotea. Zimo ghalani, kwa maana tulisimamisha uuzaji tulipoona mnunuzi mmoja amechelewa kulipa."

Hapa kuna mtego ambao makatibu wengi huingia bila kujua. Robo ya Julai hadi Septemba isilinganishwe na robo iliyoitangulia. Katika nyanda hizi mahindi mengi huwa bado shambani mwezi wa Aprili, na mauzo ya robo hiyo huwa madogo mno. Katibu atakayeandika kwamba mauzo yameongezeka mara sita tangu robo iliyopita hajasema uongo, lakini amepima msimu, hakupima kazi ya chama. Kwa zao la msimu, Julai hulinganishwa na Julai.

Asilimia nazo zitumiwe kwa uangalifu. Asilimia isiyotaja ni ya kitu gani ni fumbo. Ni afadhali kusema tani thelathini zimepungua kuliko kusema utekelezaji ni asilimia 89. Msikilizaji anazijua tani, na anaweza kuzigeuza kuwa magari na magunia kichwani mwake.

SLAIDI YA TATU: FEDHA

Hii ndiyo slaidi ambayo vyama vingi huikosea, na kosa lenyewe huonekana miezi kadhaa baadaye. Ushuru wa shilingi 25 kwa kilo 240,000 ni shilingi milioni 6. Ukitoa gharama za milioni 4.5 inabaki ziada ya milioni 1.5. Katibu akiandika hivyo na kunyamaza, Bodi yaweza kupitisha ununuzi wa pikipiki siku ile ile.

Lakini fedha hizo ziko wapi? Ushuru uliokwisha kuingia ni wa zile kilo 180,000 zilizolipiwa, nao ni shilingi milioni 4.5. Zote zimekwenda kwenye gharama. Ziada ya milioni 1.5 ni ushuru wa zile kilo 60,000 ambazo mnunuzi hajalipa. Imo katika daftari, haimo benki. Deni la milioni 42 likichambuliwa, milioni 40.5 ni za wakulima na milioni 1.5 ni za chama.

Slaidi iandikwe hivi:

Ziada ya milioni 1.5 ipo katika daftari tu
– Ushuru: milioni 6, ulioingia milioni 4.5
– Gharama zilizolipwa: milioni 4.5
– Wakulima wanadai: milioni 40.5

Maneno ya kusema: "Kwa hesabu ya daftari chama kina ziada ya shilingi milioni moja na nusu. Kwa hesabu ya benki, ushuru wote ulioingia umekwisha kutumika. Mnunuzi akilipa, wakulima watapata milioni arobaini na nusu, na chama kitapata ile ziada yake. Asipolipa, chama hakina ziada yoyote, na kina deni kwa wanachama wake."

Katibu ataijua slaidi hii kuwa ni sahihi kwa jaribio dogo. Achukue taarifa ya benki ya tarehe 30 Septemba na kuiweka kando ya maneno yake. Ikiwa fedha zilizoko benki haziwezi kuelezwa kwa tarakimu zilizo kwenye slaidi pamoja na salio la mwanzo wa robo, basi kuna jambo limesahauliwa, na ni heri alitafute mwenyewe kabla ya meneja wa benki kulitafuta.

Tarakimu zikatwe mpaka nukta moja ya milioni, wala zisiandikwe hadi shilingi ya mwisho. Hata hivyo baada ya kuzikata, zijumlishwe tena. Sehemu zisipolingana na jumla, mameneja watatumia dakika zilizobaki kuitafuta laki moja ambayo haikupotea.

SLAIDI YA NNE: GHALA

Chama kilipokea kilo 300,000. Kimeuza 240,000 na zimebaki 50,200. Jumla ni 290,200. Kilo 9,800 hazipo. Katibu akiandika "Upungufu: kilo 9,800" bila maelezo, macho yote yatamgeukia mtunza ghala, na mtu anaweza kupoteza kazi na heshima yake kwa mstari mmoja.

Upungufu huu hauna budi kugawanywa sehemu mbili: ule wa maji yaliyokauka, na ule usio na maelezo. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya nafaka hakiruhusu unyevu kuzidi asilimia 13.5. Chama cha mfano kilipokea mahindi mwezi Julai yakiwa na unyevu wa wastani wa asilimia 16, kwa mujibu wa kipima unyevu na daftari la mapokezi. Yalipouzwa na yalipopimwa upya yalikuwa yamekauka hadi asilimia 13.5.

Kosa la kawaida ni kutoa 13.5 katika 16, kupata asilimia 2.5, na kusema kilo 7,500 ni za maji. Hesabu hiyo si sahihi. Katika kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 16 kuna kilo 16 za maji na kilo 84 za nafaka kavu. Maji hukauka, lakini zile kilo 84 hazikauki. Unyevu ukifika asilimia 13.5, nafaka kavu inakuwa sehemu 86.5 katika kila 100. Basi 84 hugawanywa kwa 86.5, na jibu huzidishwa kwa 100. Zinabaki kilo 97.1. Kwa kilo 300,000 hubaki kilo 291,330 hivi. Maji yaliyokauka ni kilo 8,670.

Kwa hiyo kati ya kilo 9,800, kilo 8,670 zimekwenda na maji na kilo 1,130 hazina maelezo. Kwa ile hesabu ya makosa, zisizo na maelezo zingekuwa 2,300. Mtunza ghala angebebeshwa zaidi ya kilo elfu moja za maji yaliyopaa hewani.

Slaidi iandikwe hivi:

Upungufu mwingi ni maji. Kilo 1,130 zinachunguzwa
– Upungufu wote: kilo 9,800
– Kukauka kutoka 16% hadi 13.5%: kilo 8,670
– Zisizo na maelezo: kilo 1,130

Maneno ya kusema: "Ghala limepungukiwa na kilo elfu tisa na mia nane. Kilo elfu nane mia sita na sabini ni maji yaliyokauka, na daftari la unyevu lipo hapa. Zilizobaki, kilo elfu moja mia moja na thelathini, thamani yake ni shilingi laki saba na tisini na moja elfu. Hatusemi zimeibiwa, wala hatusemi hazikuibiwa. Tunakagua mizani, magunia yaliyopasuka na hati za kutoa mzigo."

Jambo moja ni la kushikiliwa. Hesabu hii hufaa pale tu ambapo unyevu ulipimwa siku ya kupokea, katika magunia kadhaa ya kila mzigo, na ukaandikwa. Chama kisicho na daftari hilo hakiwezi kuandika kilo 8,670. Kiandike upungufu wote kama ulivyo, na kiseme wazi kwamba unyevu haukupimwa. Kukisia unyevu wa Julai katika mwezi wa Oktoba ni kutunga jibu kwanza na kulitafutia hesabu baadaye.

SLAIDI YA TANO: MAAMUZI

Taarifa isiyoomba uamuzi humalizika kwa makofi, na robo ifuatayo deni huwa lipo pale pale. Kila ombi litaje nani afanye nini na lini.

Tunaomba maamuzi mawili leo
– Chama kikuu kimwandikie mnunuzi ndani ya siku 7, na mzigo uliobaki uuzwe kwa malipo kabla ya kupakia
– Kuanzia msimu ujao, uzito wa mapokezi uhesabiwe kwa unyevu wa 13.5%

Maneno ya kusema: "Ombi la kwanza: chama kikuu kina nguvu ya kudai kuliko chama kimoja cha msingi, na mahindi yakikwisha kuvuka mpaka kuyafuata ni vigumu. Zile kilo elfu hamsini na mia mbili zilizobaki zisitoke mpaka fedha zionekane benki. Ombi la pili: mkulima aletaye mahindi makavu asibebe maji ya jirani yake. Yule aletaye kilo mia za unyevu wa kumi na sita aandikiwe tisini na saba na sehemu moja ya kumi, na risiti yake ionyeshe vipimo vyote viwili."

Ombi hilo la pili litawagusa wanachama mfukoni, kwa hiyo uamuzi wa mameneja hautoshi. Sharti lipelekwe mkutano mkuu wa chama, na katibu aseme hivyo mbele ya mameneja asije akaonekana ameahidi jambo lisilo katika mamlaka yao.

MAANDALIZI YA SIKU YENYEWE

Slaidi tano kwa dakika mbili kila moja zinatimiza dakika kumi. Katibu asome maneno yake kwa sauti akiwa peke yake, mbele ya saa. Akimaliza kwa dakika kumi na mbili, asikimbize ulimi, apunguze maneno. Jioni ya kuamkia mkutano asome vichwa vitano tu vya slaidi, kimoja baada ya kingine, kwa mtu asiye wa ofisini. Mtu huyo akiweza kueleza hali ya chama kwa vichwa hivyo peke yake, slaidi zimekamilika. Akiuliza "kwa hiyo?", kichwa kimojawapo hakijasema jambo.

Kwa ukubwa wa maandishi, slaidi ichapwe katika karatasi ya kawaida na kuwekwa sakafuni. Asiyeweza kuisoma akiwa amesimama, hataweza kuisoma ukutani akiwa amekaa nyuma. Na kwa kuwa umeme waweza kukatika, maneno yale yale yaandikwe kwa kalamu nene katika karatasi tano za manila. Slaidi isiyoenea katika manila ina maneno mengi mno.

Urari, taarifa ya benki, daftari la unyevu, orodha ya wadaiwa na hati za ghala zisiwekwe ukutani. Zipangwe katika jalada kwa namba za slaidi, ili meneja akiuliza juu ya slaidi ya nne, katibu afungue sehemu ya nne na kumpa karatasi mkononi. Taarifa hii ya robo mwaka haichukui nafasi ya hesabu za mwaka zinazokaguliwa kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Kwa sababu hiyo kila tarakimu iliyoonyeshwa ukutani iandikwe katika jalada pamoja na ukurasa wa daftari ilikotoka, ili mkaguzi ajapo aikute ilikosemwa.

Baada ya mkutano, katibu aandike kwa mkono nyuma ya slaidi ya tano yaliyoamuliwa, jina la aliyepewa kazi na tarehe ya mwisho. Karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kufunguliwa atakapoanza kuandaa taarifa ya Oktoba hadi Desemba.